Nondo 12 – 40 – 25: Ukurasa wa Daftari Unapogeuka Ankara

Kwenye meza ya duka la vifaa vya ujenzi havikosekani vitu vitatu: kikokotoo ambacho namba za vitufe vyake zimefutika, kalamu iliyofungwa uzi isitembee na wateja, na kaunta buku lenye jalada gumu. Kaunta buku hilo ndilo ofisi yenyewe. Humo mna mauzo ya leo, madeni ya wiki iliyopita, namba ya simu ya fundi bomba, na hesabu ya mabati aliyochukua mtu anayejulikana kwa jina la "Mzee wa Kona" basi. Mwenye duka akilifungua anasoma kama anayesoma barua ya mwanawe. Mwingine akilifungua anakutana na vitendawili.

Tuchukue ukurasa mmoja wa duka la namna hiyo, Tanzania Bara. Ukurasa wenyewe umetungwa kwa ajili ya makala haya, na bei zake zimechaguliwa ili hesabu zisomeke kwa urahisi. Lakini yeyote aliyewahi kukaa nyuma ya kaunta atautambua mwandiko:

12/8 Kontrakta wa madarasa
Saruji 60 – 17
Nondo 12 – 40 – 25
Bati 28 – 45 – 32
Misumari 4 – 15 – 4
Gari 80
Katoa 60
Kaleta 1m kwa simu 10/8

Mzigo umeshafika kwenye eneo la ujenzi. Mama mwenye duka anangoja salio lake. Siku ya tatu anapigiwa simu na mhasibu wa kontrakta: "Mama, hela yako ipo, ila bosi hasaini bila ankara yenye mchanganuo na risiti ya EFD." Mama anamwita binti yake, aliyesomea uhasibu, ambaye Jumamosi huja kumsaidia. Binti anafungua kompyuta mpakato, anauangalia ukurasa, kisha anaifunga tena ile kompyuta. Kabla ya kupiga hesabu yoyote kuna maswali ya kuuliza.

"Mama, hii nne ya misumari ni nchi au ni bei?"

"Ya kwanza nchi, ya mwisho elfu nne. Hiyo kumi na tano katikati ndiyo kilo."

Hapo ndipo ankara nyingi huharibika, na wala si kwenye kodi. Mstari wa "Nondo 12 – 40 – 25" una namba tatu, na kila moja ni ya aina yake: 12 ni unene kwa milimita, 40 ni idadi ya vipande, na 25 ni bei ya kipande kimoja kwa maelfu. Mstari wa bati una 28, ambayo ni geji. Mtu asiyejua duka akiisoma hiyo 28 kama idadi, ankara itadai bati 28 wakati zilizopakiwa kwenye gari ni 45. Mstari wa saruji nao una namba mbili tu, kwa sababu mama anauza saruji ya aina moja kwa wingi na haoni haja ya kujikumbusha ni ipi. Mnunuzi hana kumbukumbu hiyo. Kwenye ankara mstari huo lazima useme kwamba ni mifuko ya kilo 50, na utaje daraja la saruji lililoandikwa kwenye mfuko. Sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani inataka ankara ya kodi ieleze bidhaa, idadi yake na sifa zake za msingi. Geji ni sifa ya msingi: bati la geji 30 ni jembamba kuliko la geji 28 na bei yake ni ya chini, kwa hiyo neno "bati" peke yake linaacha mlango wazi wa ugomvi.

Kisha kuna sifuri zilizobaki kichwani. "17" ni 17,000, "gari 80" ni 80,000, na "1m" ni 1,000,000. Dukani hakuna anayechanganyikiwa, kwani hakuna mfuko wa saruji wa shilingi 17. Hatari iko pale bidhaa ndogo zinapoingia katikati ya kubwa, maana skrubu ya "50" ni shilingi hamsini kweli, na ikifuatwa na kopo la rangi la "50" macho huteleza. Dawa yake ni moja: kila mstari uandikwe upya kwa tarakimu zote kabla ya kuzidisha chochote, na mwenye duka asomewe kwa sauti.

Kusoma kwa sauti nako kuna mtego wake, na mtego huu ni wa Kiswahili chenyewe. Mtu akisema "elfu arobaini na tano", je, ni 45,000 au ni 40,005? Dukani ni 45,000 bila mjadala, lakini kwenye sehemu ya ankara inayotaka kiasi kwa maneno, mhasibu makini ana haki ya kuuliza. Ndiyo maana wengine huandika "arobaini na tano elfu", na wengine huweka neno "elfu" mbele na kumalizia kwa tarakimu kwenye mabano. "Laki moja na kumi" ni vivyo hivyo: mama anamaanisha 110,000, kamusi inaweza kumaanisha 100,010. Binti anaandika kila mara tarakimu kwanza, kisha maneno, na zikigombana anarudi kwenye daftari.

Baada ya maswali hayo ukurasa unasomeka. Saruji mifuko 60 kwa 17,000 ni 1,020,000. Nondo 40 kwa 25,000 ni 1,000,000. Bati 45 kwa 32,000 ni 1,440,000. Misumari kilo 15 kwa 4,000 ni 60,000. Bidhaa zote ni 3,520,000. Ukiongeza gari 80,000 inakuwa 3,600,000, na ukikata 60,000 ya punguzo inabaki 3,540,000. Hii ndiyo hela waliyokubaliana mama na kontrakta wakiwa wamesimama karibu na rundo la nondo. Kodi haikutajwa hata mara moja.

Sasa linakuja swali linaloamua sura ya ankara nzima: je, duka limesajiliwa VAT? Tanzania Bara, tangu Julai 2023, mfanyabiashara hulazimika kujisajili mauzo yake yanapofikia shilingi milioni 200 kwa mwaka; kabla ya hapo kiwango kilikuwa milioni 100. Aliyesajiliwa ana namba mbili: TIN, yenye tarakimu 9, ambayo kila mlipakodi anayo, na VRN, ambayo ni ya waliosajiliwa VAT peke yao. Duka lisilo na VRN haliruhusiwi kuandika mstari wa VAT kwenye ankara yake. Ankara hiyo ingeishia kwenye 3,540,000 na hakuna zaidi. Hata hivyo wengi hukosea hapa kwa nia njema: wamechukua kielelezo cha ankara mtandaoni, kimekuja na mstari wa kodi chini, na wao wanaona aibu kuuacha mtupu. Wakiujaza, wamemtoza mteja kodi ambayo hawana mamlaka ya kuikusanya, na mteja naye akijaribu kuidai marejesho hapati kitu. Na jambo moja lisichanganywe na jingine: kutokuwa na VRN hakumwondolei mtu wajibu wa kutoa risiti ya EFD, kwani wengi wasiosajiliwa VAT nao wanatakiwa kuwa na mashine.

Mama wa mfano wetu amesajiliwa. Basi katika ile 3,540,000, kodi iko wapi?

Wauzaji na wanunuzi wana lugha yao kwa swali hili: "VAT iko ndani au nje?" Bei ikitajwa kaunta kwa mteja wa kawaida, iko ndani. Kontrakta alipoambiwa saruji elfu kumi na saba, alielewa kwamba hiyo ndiyo hela itakayotoka mfukoni. Kwa hiyo binti hawezi kuchukua 3,540,000 akaiongezea asilimia 18. Akifanya hivyo ankara itasoma 4,177,200, na simu itakayopigwa kutoka kwa mhasibu wa kontrakta haitakuwa ya upole.

Kosa la pili ni la kimyakimya zaidi, na hata watu wenye vyeti hulifanya. Mtu anajua kodi iko ndani, hivyo anapiga asilimia 18 ya 3,540,000, anapata 637,200, anaiita hiyo kodi, na kilichobaki, 2,902,800, anakiita bei kabla ya kodi. Namba zinajumlika vizuri. Lakini asilimia 18 huhesabiwa juu ya bei kabla ya kodi, si juu ya bei ambayo tayari ina kodi tumboni. Kipimo cha kulinasa kosa hili ni chepesi: chukua bei iliyoandikwa kabla ya kodi, uitafutie asilimia 18. Asilimia 18 ya 2,902,800 ni 522,504, wakati ankara inasema 637,200. Namba hizo mbili zikikataana, mtu amegawa vibaya.

Njia sahihi ni kuona kwamba bei ya dukani ina sehemu 118: sehemu 100 ni mali, 18 ni kodi. Gawa 3,540,000 kwa 1.18 na utapata 3,000,000 kamili; kodi ni 540,000. Asilimia 18 ya milioni tatu ni 540,000, kwa hiyo kipimo kinakubali. Tofauti kati ya kodi hii na ile ya kosa ni 97,200, na mama angeipeleka serikalini kutoka kwenye faida yake mwenyewe, faida ya mifuko kadhaa ya saruji.

VAT ilipoanza Tanzania mwaka 1998 kiwango chake kilikuwa asilimia 20, na kodi iliyo ndani ya bei ilikuwa moja ya sita kamili. Mzee wa duka aliweza kuitoa kichwani huku akipima misumari. Kiwango kiliposhuka hadi 18 mwaka 2009, nafuu hiyo ya kichwani ikapotea. Asiye na kikokotoo bado ana njia: agawe kwa 59, kisha azidishe kwa 9. Zanzibar, ambako kiwango cha kawaida ni asilimia 15, mgawanyo ni 1.15, na 3,540,000 ileile ingetoa 3,078,260.87 kabla ya kodi. Mfanyabiashara mwenye duka Tanga na jingine Unguja asitumie jedwali moja la kompyuta kwa yote mawili bila kubadili namba hiyo.

Kupata jumla sahihi hakutoshi, maana mhasibu aliomba mchanganuo. Kila mstari unatakiwa uoneshe idadi, bei na thamani yake, na mistari ijumlike hadi kwenye 3,000,000 bila kupungua wala kuzidi. Hapa binti anakutana na senti. Mfuko mmoja wa saruji, 17,000 ikigawiwa kwa 1.18, ni 14,406.7797 na mkia mrefu. Silika ya kwanza ni kuifanya 14,407 ili karatasi ipendeze. Akifanya hivyo kwa kila bidhaa kisha akazidisha kwa idadi, jumla kabla ya kodi inakuwa 3,000,015, na ankara nzima inafika 3,540,017.70. Shilingi kumi na saba na senti sabini si kitu mfukoni mwa mtu. Kwenye vitabu vya kontrakta ni deni lisilolipika, maana atalipa 3,540,000 waliyokubaliana, na kila mwisho wa mwezi taarifa itasema anadaiwa shilingi 17.70. Watu wamewahi kupoteza asubuhi nzima wakizitafuta shilingi za namna hiyo.

Tatizo ni kukadiria bei ya kipande kimoja kisha kuzidisha kosa hilo mara sitini. Suluhisho ni kuzidisha kwanza kwa bei halisi ya dukani, kugawa mstari mzima kwa 1.18, na kukadiria mara moja tu, kwa senti mbili. Kwenye jedwali la Excel, idadi ikiwa safu ya B na bei ya dukani safu ya C, fomula inakuwa hivi:

```
=ROUND(B2*C2/1.18,2)
```

Mistari sita ya ukurasa wa mama ikipita humo, inatoka hivi:

| Maelezo | Idadi | Bei yenye VAT | Thamani kabla ya VAT |
|---|---|---|---|
| Saruji, mfuko wa kilo 50 | 60 | 17,000 | 864,406.78 |
| Nondo mm 12 | 40 | 25,000 | 847,457.63 |
| Bati geji 28 | 45 | 32,000 | 1,220,338.98 |
| Misumari nchi 4, kilo | 15 | 4,000 | 50,847.46 |
| Usafirishaji hadi eneo la ujenzi | 1 | 80,000 | 67,796.61 |
| Punguzo | 1 | −60,000 | −50,847.46 |
| Jumla kabla ya VAT | | | 3,000,000.00 |
| VAT asilimia 18 | | | 540,000.00 |
| Jumla ya kulipa | | | 3,540,000.00 |

Mistari miwili kati ya hiyo ilimchukua binti muda kuliko mingine yote. Wa kwanza ni "Gari 80". Alitaka kuuweka chini kabisa ya ankara, baada ya kodi, kwa hoja kwamba usafiri si mali ya dukani. Lakini mama ndiye aliyekodi kirikuu, ndiye aliyemlipa dereva, na kontrakta alilipia mzigo uliofikishwa mpaka mlangoni. Malipo ya kufikisha mzigo ni sehemu ya thamani ya mauzo, na yanatozwa kodi pamoja na bidhaa. Mambo yangekuwa tofauti kama kontrakta angemkodi dereva mwenyewe na mama akawa amemkopesha tu hela ya nauli. Hapo risiti ya usafiri ingetoka kwa mwenye gari, na mama angedai hela yake kama deni, nje ya mauzo yake. Daftari halisemi lipi lilitokea. Neno "gari" ni lilelile kwa yote mawili, na ndiyo maana binti aliuliza tena.

Mstari wa pili ni "Katoa 60". Punguzo lililokubaliwa wakati wa kuuza hupunguza thamani ya mauzo, hivyo linakatwa kabla ya kodi, kama lilivyokaa kwenye jedwali. Likikatwa baada ya kodi, mama atakuwa ameilipia serikali VAT ya hela ambayo hakuipokea. Kwa ukurasa huu ambao bidhaa zote ni za asilimia 18, punguzo linakaa mahali pamoja na kazi imekwisha. Kwenye duka la mchanganyiko si rahisi hivyo. Viazi na vitunguu visivyosindikwa vimesamehewa VAT, sabuni haijasamehewa. Shule ikinunua viazi vya 300,000 na sabuni ya 236,000, kodi iliyo ndani ni 36,000 ya sabuni peke yake, si asilimia 18 ya gari zima. Punguzo la jumla hapo lazima ligawiwe kati ya makundi mawili kwa uwiano wa bei zake, na mashine ya EFD nayo inataka kila bidhaa iingizwe kwenye herufi ya kundi lake: A kwa kiwango cha kawaida, E kwa iliyosamehewa. Muuzaji anayebonyeza A kwa kila kitu kwa sababu ndicho kitufe kilicho karibu, analipa kodi ya viazi ambayo haipo.

Umebaki mstari wa mwisho wa ukurasa: "Kaleta 1m kwa simu 10/8". Huu si punguzo, ingawa kwenye daftari umeandikwa chini ya punguzo kana kwamba ni ndugu yake. Ni malipo. Wengine huutoa juu, kabla ya kodi, na kuandika ankara ya 2,540,000, wakidai kwamba hiyo ndiyo hela inayodaiwa. Kodi iliyo ndani ya 2,540,000 ni 387,457.63. Mauzo halisi yana kodi ya 540,000. Upungufu wa 152,542.37 ungebaki bila kutangazwa, na kontrakta naye angekosa kudai kodi aliyoilipa kweli. Malipo yanakuja baada ya jumla: jumla 3,540,000, kilichopokelewa tarehe 10/8 ni 1,000,000, salio 2,540,000.

Tarehe ya malipo hayo ina uzito kuliko mama alivyodhani. Kwa sheria, VAT huwa deni kwa tukio linalotangulia kati ya matatu: ankara kutolewa, fedha kupokelewa hata kama ni sehemu tu, au mali kukabidhiwa. Hapa hela iliingia tarehe 10 na mzigo ukaenda tarehe 12, yote ndani ya Agosti, kwa hiyo ritani moja inayabeba, ile ya kuwasilishwa tarehe 20 ya Septemba. Kama kontrakta angetuma milioni moja tarehe 30 Julai, kodi iliyo ndani yake ingekuwa ya ritani ya Julai. Daftari lisiloandika tarehe ya hela, na mengi hayaandiki, linamwacha mhasibu akipekua meseji za simu.

Kanuni hiyohiyo inavunja ahadi inayosikika kila siku madukani: "Maliza kulipa kwanza, risiti utaipata." Mali ikishakabidhiwa, kodi imeshakuwa deni, awe mteja amelipa au la. Kuficha risiti hakuahirishi kodi. Kunamnyima mteja haki yake tu na kumweka muuzaji pabaya.

Na risiti hiyo ndiyo hatua ambayo karatasi nzuri ya kompyuta haiwezi kuiruka. Tangu mashine za EFD zilipoanza kutumika nchini mwaka 2010, ankara iliyochapwa kwa Excel, hata ikiwa na nembo ya rangi na mhuri, si ushahidi wa VAT yenyewe peke yake. Inamweleza mnunuzi anadaiwa nini na kwa nini. Kinachomruhusu kudai kodi yake ni hati ya mashine ya kielektroniki, yenye msimbo wa QR na namba ya uhakiki inayoweza kuangaliwa kwenye verify.tra.go.tz. Binti kwa hiyo anaingiza mauzo yaleyale kwenye mashine: bidhaa zilezile, kiasi kilekile, 3,540,000, na kabla ya kubonyeza anasoma TIN na VRN ya kontrakta tarakimu moja moja kutoka kwenye LPO, si kutoka kwenye kumbukumbu. TIN ikikosewa tarakimu moja, mauzo yanaandikwa kwa mtu mwingine au kwa asiyekuwepo, na mhasibu wa kontrakta atairudisha. Risiti ikishatoka haifutwi kwa kuichana.

Kontrakta ana miezi 6 tangu tarehe ya ankara ya kuidai kodi hiyo. Hilo linaeleza kwa nini mhasibu wake alipiga simu siku ya tatu na si mwezi wa saba.

Binti anaipa ankara namba inayofuata kwenye mfululizo, anaandika namba hiyohiyo kwa kalamu nyekundu kukatisha ukurasa wa daftari, kisha anapiga picha ukurasa huo. Ukurasa wenyewe hauchanwi. Kumbukumbu za kodi zinatakiwa kukaa miaka 5, na siku mkaguzi atakapouliza bati zilikuwa 45 au 48, mwandiko wa mama wa siku ile ndio utakaosema, pamoja na sahihi ya mlinzi wa eneo la ujenzi kwenye hati ya kupokelea mzigo.

Wiki iliyofuata kijana wa kontrakta alirudi na mifuko 4 ya saruji iliyoganda kwa unyevu. Mama aliipokea na kutaka kufungua ankara kwenye kompyuta abadilishe 60 iwe 56. Binti akamzuia: ankara imeshatoka, risiti imeshatoka, na kontrakta anazo zote mbili. Badala yake alitengeneza hati ya marekebisho yenye namba yake yenyewe, inayotaja namba na tarehe ya ankara ya mwanzo na sababu ya kurudishwa. Lilikuwepo swali dogo la punguzo, kwani kontrakta hakuwa amelipia saruji hiyo 17,000 kamili ukihesabu ile 60,000 aliyokatiwa, lakini mama alisema amrudishie bei ya kaunta yaishe. Mifuko 4 ni 68,000: thamani 57,627.12, VAT 10,372.88. Salio la kontrakta likashuka kutoka 2,540,000 hadi 2,472,000, na kwenye kaunta buku mama akaandika, kwa mwandiko wake wa siku zote: "Saruji 4 – rudi – 68."